Kupokezana kwa ushahidi na ufafanuzi katika aya ya uchambuzi

Anayesahihisha insha za fasihi huizoea aya ya namna hii: juu kuna mishororo minne au mitano iliyonukuliwa kwa mkupuo, chini kuna sentensi tatu za maelezo, na katikati hakuna kinachoonyesha ni elezo gani limetoka kwenye neno gani. Mwanafunzi ameisoma kazi, tena mara nyingi ameielewa. Kilichokosekana ni kupokezana.

Kupokezana hapa ni mpangilio wa aya ambamo kipande cha matini kinatajwa, kinafafanuliwa papo hapo, kisha ndipo kinaletwa kipande kingine. Ushahidi ni maneno ya mwandishi yenyewe. Ufafanuzi ni kauli yako kuhusu kinachofanywa na maneno hayo. Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, mchi mmoja hupanda mwingine ukishuka. Wakishusha yote miwili kwa pamoja, michi hugongana na mtama haupondeki.

Tuchukue beti za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu akimuusia binti yake. Aya ifuatayo nimeitunga mimi kwa mfano wa zile ninazozikuta:

"Katika beti za mwanzo mshairi anasema, 'Maradhi yamenishika / hata yametimu mwaka / sikupata kutamka'. Halafu anasema, 'Ndoo mbee ujilisi / na wino na karatasi / moyoni nina hadithi / nimependa kukwambiya'. Hapa tunaona kwamba mama ni mgonjwa na anampenda binti yake. Pia anaonyesha mamlaka ya mzazi. Mshairi ametumia lugha ya kuvutia na ujumbe unaifikia hadhira."

Kabla ya kuandika upya, chukua kalamu mbili za rangi. Kwa moja pigia mstari maneno yote ya mshairi, kwa nyingine maneno yako. Aya hii itatoa pande mbili tu: bonge la rangi ya kwanza, kisha bonge la rangi ya pili. Sasa uliza kila sentensi yako imetokana na neno gani. "Mama ni mgonjwa" imetokana na "maradhi", lakini hiyo ni kurudia kilichosemwa, haijafafanua kitu. "Mamlaka ya mzazi" bila shaka imetokana na "ndoo" na "ujilisi", yaani njoo na uketi, ila msomaji ameachwa abahatishe. "Lugha ya kuvutia" haikutokana na neno lolote. Ungeweza kuibandika kwenye utendi mwingine wowote isijulikane. Hiyo ifute.

Hatua inayofuata ni kupunguza dondoo. Mwanafunzi hunukuu ubeti mzima kwa hofu ya kuacha kitu, lakini ukinukuu maneno kumi na sita ukafafanua mawili, kumi na manne yamekaa bure. Bakisha yale tu utakayoyasemea. Kisha tafuta dai moja la kuyaunganisha, kwa sababu kupokezana bila dai huishia kuwa orodha. Nikiyasoma haya, kinachonivuta ni nafasi ya mama ndani ya vitenzi vyake. Aya inaweza kuwa hivi:

"Utendi unamwonyesha mama akiwa ametekwa na hali yake, na kumwita binti aandike ndiko kunakomrudishia sauti. Katika ubeti wa pili anasema, 'Maradhi yamenishika'. Anayetenda katika kitenzi hiki ni maradhi. Mama ni '-ni-' tu katikati ya neno, ndiye aliyeshikwa. Anapokuja kutenda yeye mwenyewe, anatenda kwa kukanusha: 'sikupata kutamka'. Ugonjwa umemnyima kile hasa ambacho utendi unakihitaji, yaani usemi. Ubeti wa tatu unafunguka kwa amri, 'Ndoo mbee ujilisi', na aliyeshikwa sasa ndiye anayeita na kuketisha. Hata hivyo amri haidumu hadi mwisho wa ubeti. Mshororo wa nne unasema 'nimependa kukwambiya', ambapo '-ni-' ile iliyokuwa katikati ya 'yamenishika' imekaa mwanzoni, mahali pa mtenda, na kitenzi chenyewe ni cha kupenda. Sauti inarudi kwanza kama mamlaka, kisha inatulia kuwa mapenzi."

Ipitishie zile kalamu mbili: rangi zitabadilishana kila sentensi moja au mbili. Angalia pia kwamba rangi ya ufafanuzi ndiyo iliyoenea zaidi. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa kupokezana si kugawana nusu kwa nusu. Neno moja la mshairi linaweza kudai sentensi mbili zako, na mahali pengine vipande viwili vya matini huletwa karibu makusudi, kama "yamenishika" na "nimependa", pale ambapo hoja ni tofauti iliyopo kati yao.

Kosa ninalolihofia zaidi ni kupokezana kwa jina tu. Mwanafunzi huambiwa abadilishane, naye hutii: dondoo, "hii inaonyesha kwamba", dondoo, "hii inaonyesha kwamba". Ukisoma kinachofuata baada ya "kwamba" unakuta mshororo uleule kwa Kiswahili cha leo: "'Na wino na karatasi', hii inaonyesha kwamba binti alete wino na karatasi." Hiyo ni fasiri ya lahaja. Inafaa pale neno la Kiamu linapomtatiza msomaji, lakini haikai kwenye kiti cha ufafanuzi. Njia rahisi ya kulitambua kosa hili ni kuifunika dondoo kwa kidole na kuisoma sentensi yako peke yake. Ikiwa haisemi chochote ambacho dondoo haikusema, rudi kwenye neno uliulize tena: kwa nini wino utajwe kabla ya hadithi? Kwa nini mama mwenye jambo moyoni aanze kwa kuagiza karatasi? Pengine kwa sababu mwaka mzima wa kutotamka umemfundisha kwamba sauti yake haitoshi kuubeba wosia huo. Hapo umefafanua.

Aya iliyopangwa hivi ina jambo jingine jema: inauweka udhaifu wako mahali pa kuonekana. Mtu anaweza kunipinga kwamba "maradhi yamenishika" ni usemi wa kawaida. Sote husema homa imenishika bila kukusudia kuwa tumetekwa. Kweli kabisa, na kama dai langu lingeegemea neno hilo pekee lingeanguka. Linasimama kwa sababu linafuatwa na "sikupata", kisha "ndoo", kisha "nimependa", na mwendo wa vitenzi hivyo vinne ndio ushahidi. Katika ile aya ya kwanza pingamizi kama hilo lisingepata hata pa kushika, maana hakuna dai lililofungwa kwenye neno lolote. Kwa hiyo ukimaliza kuandika upya, tafuta kiungo kilicho chembamba zaidi, yaani pale ambapo ufafanuzi ni mkubwa na neno ni dogo. Ama uongeze kipande cha pili cha matini cha kukitegemeza, ama uipunguze kauli yako ilingane na neno lililopo.

Na unakilipo, fuata tahajia ya chapa uliyo nayo mkononi. Chapa za utendi huu hazifanani kila mahali. Yenye "kukwambia" mwishoni haina kosa, lakini ukichanganya mbili katika aya moja, hoja inayotegemea silabi moja kama "-ni-" itatiliwa shaka hata pale ambapo ni sahihi.