Hela ya kuegesha kwenye akaunti ya viza
"Jaza akaunti tu kabla ya kuomba viza ya Uingereza, wale wanaangalia balansi."

Hapana, stetimenti inasomwa yote. Chukua mtu wa mshahara laki 9 kwa mwezi, balansi yake haijawahi kuvuka laki 4, halafu siku 10 kabla ya kuomba inaingia milioni 18 kwa mkupuo na haiguswi kabisa, kodi na vocha bado anatoa kwenye kamshahara kale kale, hapo ofisa lazima ahisi ni hela ya watu imeegeshwa. Ila hela kubwa peke yake sio kosa jamani, hilo nalo watu wanalikuza. Kama ameuza kiwanja aambatanishe mkataba wa mauziano, kiasi na tarehe viendane na muamala, na aliyetuma awe mnunuzi huyohuyo, sio shemeji.