Kadi imelipwa yote, mbona alama zimeshuka?

Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio, na kazi yake ni kuhudumia wazee. Alipofika Marekani hakuwa na historia yoyote ya mkopo, kwa hiyo benki ilimpa kadi ya amana: aliweka dola 500 kama dhamana, na kikomo cha kadi kikawa dola 500 hizo hizo. Akaitumia kwa mafuta ya gari na bili ya simu, kiasi cha dola 90 kwa mwezi, na kila mwezi alilipa yote kabla ya tarehe. Mwaka jana mwezi wa nane akalipia kozi yake ya uuguzi kwa kadi hiyo, dola 340. Akalipa deni lote kwa wakati, kama kawaida yake. Wiki chache baadaye, akiwa anajiandaa kuomba mkopo wa gari, akafungua apu ya benki kuangalia alama zake za mkopo, ile namba ambayo wakopeshaji huitazama kabla ya kukukopesha. Zilikuwa 702, sasa zinasoma 661. Akanipigia simu akiamini kuna mtu ameiba jina lake na kukopa kwalo.

Hakuna aliyeiba. Kilichomshusha ni kitu ambacho wengi wetu tuliohamia huku hatukuwahi kukisikia nyumbani: uwiano wa matumizi ya kadi. Maana yake ni sehemu ya kikomo chako ambayo imeripotiwa kuwa ni deni. Unachukua salio lililoripotiwa, unaligawa kwa kikomo. Mwezi ule salio lake liliripotiwa dola 430 na kikomo ni 500, kwa hiyo uwiano ulikuwa asilimia 86. Miezi ya nyuma, kwa dola 90, ulikuwa asilimia 18.

Neno la kushika hapo ni "lililoripotiwa". Ukikopa dukani kwa Mangi mtaani, yeye mwenyewe ndiye anayekuandika kwenye daftari, na ukilipa ndiye anayekufuta. Anajua yote mawili. Kadi ya mkopo ya Marekani haiendi hivyo. Anayekukopesha ni benki, lakini wanaotunza kumbukumbu zako ni kampuni nyingine tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Hizo hazioni unavyonunua wala siku unayolipa. Zinasubiri benki izipelekee taarifa, na kwa kawaida benki hupeleka mara moja tu kwa mwezi. Ni kama Mangi angekuwa anang'oa ukurasa mmoja wa daftari kila mwezi na kuutuma kwa mtu aliye mbali, na mtu huyo akakuhukumu kwa ukurasa ule peke yake.

Benki nyingi hutuma ukurasa huo kadi inapofunga hesabu ya mwezi. Watu wengi huichanganya siku hii na tarehe ya mwisho ya kulipa, na humo ndimo mambo yanapoharibikia. Kadi ya mdogo wangu hufunga hesabu tarehe 12. Siku hiyo benki inajumlisha alichotumia, inatoa taarifa ya mwezi, na siku chache baadaye jumla hiyo inafika kwa kampuni za kumbukumbu. Tarehe ya mwisho ya kulipa inakuja baadaye, kwa sababu sheria ya kadi iliyopitishwa mwaka 2009 inataka mteja apewe angalau siku 21 tangu taarifa ilipotumwa. Kwake ni tarehe 6 ya mwezi unaofuata. Yeye alilipa tarehe 3, akaona amewahi, na kweli amewahi: hakutozwa riba hata senti moja, na malipo yake yaliandikwa kuwa ya wakati. Lakini ukurasa wenye dola 430 ulikuwa umeshatumwa wiki tatu kabla.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: kwa nini mtu aadhibiwe kwa deni ambalo hata muda wake wa kulipwa haujafika? Jibu liko kwenye kazi ambayo alama hizi zilitengenezewa. Alama za FICO, zinazoitwa kwa jina la kampuni iliyozitengeneza na zinazoanzia 300 hadi 850, hazipimi uaminifu wa mtu wala kipato chake. Ni makisio ya takwimu: kati ya watu wenye kumbukumbu zinazofanana na zako, wangapi watachelewa vibaya kulipa katika miaka miwili ijayo. Katika mafaili ya zamani ambayo hesabu hizi zilijengwa juu yake, watu wenye kadi zilizokaribia kujaa walishindwa kulipa mara nyingi kuliko wenye kadi zenye nafasi. Sasa chukua watu wawili ambao kadi zao zinasoma dola 430 kati ya 500. Mmoja atalipa zote wiki ijayo. Mwingine amebanwa, atalipa kile kiasi cha chini cha dola 25 na kubaki na deni. Siku ya taarifa, kwenye karatasi, wawili hao hawana tofauti. Hesabu inawaweka kundi moja.

Ndiyo maana kulipa kwa wakati hakukumwokoa, ingawa kulimsaidia kwingine. FICO yenyewe inasema historia ya malipo inachukua takribani asilimia 35 ya alama, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Uwiano wa matumizi ni sehemu kubwa ya fungu hili la pili. Ni mizani miwili tofauti, na unaweza kuwa safi kwenye mmoja huku mwingine ukikushusha. Kwa mtu aliyetoka Kenya hili linachanganya zaidi, kwa sababu kule wengi wanaijua CRB kama mahali unapoandikwa ukishindwa kulipa. Huku unaandikwa kila mwezi, umekosea au hujakosea.

Utasikia watu wakisema usivuke asilimia 30 na utakuwa salama. Ushauri huo si mbaya, lakini unawafanya watu wafikiri kuna ukuta pale, upande huu salama na ule hatari. Hakuna ukuta. Alama hupungua kadiri uwiano unavyopanda, na wenye alama za juu kabisa huwa chini ya asilimia 10. Hata hivyo sifuri kwenye kadi zote si bora kuliko salio dogo, kwa kuwa hesabu haioni dalili kwamba kadi inatumika. Salio dogo lililoripotiwa kisha likalipwa lote ndilo linalofaa. Na hapa nataka nieleweke vizuri, maana nimeona watu wakiumizwa na ushauri huu: kuacha salio liripotiwe si sawa na kuliacha lipite tarehe ya mwisho. La kwanza halikugharimu chochote. La pili linakutoza riba, na halikuongezei hata alama moja.

Pia uwiano hupimwa mara mbili, kwa kadi zote pamoja na kwa kila kadi. Tuseme mdogo wangu angekuwa na kadi ya pili yenye kikomo cha dola 4,500 na salio la dola 70. Kwa pamoja angekuwa anadaiwa 500 kati ya 5,000, asilimia 10, jambo zuri. Lakini ile kadi ndogo bado ingesomeka asilimia 86, na hilo nalo lingehesabiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kufunga kadi ya zamani usiyoitumia kunaweza kukushusha bila kukopa kitu. Kikomo chake kinaondoka kwenye hesabu, deni la kadi nyingine linabaki palepale.

Utaona pia kwamba wenye vikomo vidogo ndio wanaoumia zaidi. Dola 340 za kozi kwenye kikomo cha dola 10,000 zisingeonekana. Kwenye kikomo cha 500 zilijaza kadi. Mgeni aliyeanza juzi, asiye na kingine kwenye faili lake ila kadi moja, anatikiswa na ununuzi ambao mwenyeji wa miaka 20 hausikii kabisa.

Habari njema ni kwamba matoleo ya hesabu hizi yanayotumika sana, kama FICO 8, hayakumbuki uwiano wa zamani. Yanaangalia ukurasa wa mwisho tu. Taarifa mpya ikiingia na salio dogo, ile ya dola 430 haina nguvu tena. Malipo yaliyochelewa siku 30 ni jambo jingine, hayo hukaa kwenye kumbukumbu miaka saba. Matoleo mapya kama FICO 10 T, na VantageScore 4.0 ya washindani wa FICO, hutazama nyuma hadi miezi 24, kwa hiyo anayejaza kadi kila mwezi ataonekana humo. Mwezi mmoja wa ada ya shule, katikati ya miezi mingi ya salio dogo, ni kitu kingine.

Basi nikamwambia mdogo wangu asiombe mkopo wa gari bado, asubiri ukurasa mmoja. Kwenye apu ya kadi alitafuta mstari ulioandikwa `Statement closing date`, si ule wa `Payment due date`. Mwezi uliofuata alitumia dola 128. Tarehe 9, siku tatu kabla ya kufunga hesabu, akalipa dola 100. Siku tatu hizo zina maana yake, kwa sababu malipo huchukua siku moja au mbili kuingia, na ukilipa usiku wa tarehe 11 unaweza kukuta hesabu imefungwa na salio la zamani. Baada ya hapo hakuigusa kadi mpaka tarehe 13. Zile dola 28 zilizobaki alizilipa kabla ya tarehe 6.

Si kila benki inaripoti siku ya kufunga hesabu. Nyingine hupeleka salio la mwisho wa mwezi. Njia ya kujua ni kuchukua ripoti yako ya bure kwenye AnnualCreditReport.com, kutazama salio lililoandikwa kwa kadi ile, kisha kulilinganisha na taarifa ya mwezi. Yakilingana, umeipata siku yako. Yasipolingana, angalia ni siku gani kadi ilikuwa na salio hilo.

Kwa maoni yangu, usijisumbue na haya yote kila mwezi. Kama huombi mkopo wala nyumba ya kupanga hivi karibuni, tumia kadi kwa unachoweza kulipa, lipa yote, na uache alama zipande na kushuka. Hesabu ya tarehe ni ya ule mwezi mmoja au miwili kabla ya kuomba. Na kama kadi ni ya amana na benki inaruhusu, kuongeza amana hadi dola 1,000 kunapunguza uwiano kwa nusu bila kubadili matumizi.

Mdogo wangu alirudi kwa muuza magari wiki ya mwisho ya mwezi. Karatasi waliyomchapia ilionyesha kadi moja, malipo yote ya wakati, kikomo dola 500, salio dola 28. Alama zilisoma 706.