Uzi Hauvuti kwa Uzito Wote: Jiwe Linaloning'inia Likizungusha Diski

Kila mwaka swali hili hurudi darasani kwangu, kidato cha tano, na kila mwaka jibu la kwanza huwa lilelile. Diski imewekwa kwenye ekseli, uzi umezungushiwa ukingoni mwake, na kwenye ncha ya uzi linaning'inia jiwe la mizani. Likiachiwa, jiwe linashuka na diski inazunguka. Tafuta mchapuko wa mzunguko wa diski, na mkazo wa uzi. Wanafunzi wengi huchukua uzito wa jiwe, wakauzidisha kwa nusukipenyo cha diski, wakagawanya kwa momenti ya inesha, wakapiga mstari chini ya jibu. Hesabu imepangwa vizuri, lakini jibu si sahihi, na sababu yake ndiyo fizikia yote ya swali hili.

Tuchukue diski halisi. Ya kwangu ilikatwa na fundi wa kuchomelea kutoka kwenye bati nene la chuma, unene wa milimita 8 hivi. Nusukipenyo chake ni sentimita 10, na tungamo lake ni kilo 2. Ekseli inapita katikati, ikiwa imelala, na imeshikwa na beringi. Jiwe lina tungamo la nusu kilo. Kwa sasa tuseme beringi haina msuguano, uzi ni mwembamba, hautanuki na hautelezi juu ya ukingo.

Diski iliyojaa, yaani isiyo na tundu kubwa katikati, ikizunguka kwenye ekseli yake ina momenti ya inesha ambayo ni nusu ya tungamo lake mara nusukipenyo kipeo cha pili:

```
I = (1/2) M R^2 = 0.5 x 2 x 0.1^2 = 0.01 kg m^2
```

Sasa jiulize: ni kitu gani kinachoigusa diski? Ekseli inaishika katikati, na kani yake haiizungushi kwa kuwa inapita kwenye kitovu chenyewe. Dunia inaivuta kwenda chini, lakini mvuto huo nao unapita kitovuni. Kinachobaki ni uzi. Jiwe haliigusi diski kabisa. Diski haijui kama chini kuna jiwe, kuna ndoo au kuna mkono wa mtu. Inachokisikia ni mkazo wa uzi tu, tuuite T. Kwa hiyo mlinganyo wa diski ni huu, ambapo α ni mchapuko wa mzunguko:

```
T R = I α
```

Kisha tuliangalie jiwe peke yake. Dunia inalivuta chini kwa kani mg, uzi unalivuta juu kwa T. Jiwe linashuka kwa mchapuko a, basi nikihesabu chini kuwa ndio upande chanya napata:

```
m g - T = m a
```

Angalia mlinganyo huu wa pili kabla hujaandika namba yoyote. Ikiwa jiwe linashuka likiongeza kasi, a ni kubwa kuliko sifuri, na kwa hiyo lazima T iwe ndogo kuliko mg. Kama uzi ungevuta juu kwa kani iliyo sawa na uzito wote, kani mbili hizo zingefutana na jiwe lisingeongeza kasi hata kidogo. Anayeweka mg mahali pa T anasema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja: kwamba diski inachapuka, na kwamba jiwe lililofungwa kwenye uzi huohuo halichapuki.

Linalounganisha milinganyo miwili ni uzi wenyewe. Kwa kuwa hautelezi, urefu unaofunguka ukingoni ndio urefu ule ule ambao jiwe limeshuka, na hivyo a = Rα. Weka hilo kwenye mlinganyo wa jiwe, zidisha pande zote kwa R, ujumlishe na mlinganyo wa diski. T inajifuta yenyewe:

```
α = m g R / (I + m R^2)
  = (0.5 x 9.8 x 0.1) / (0.01 + 0.005)
  = 32.7 rad/s^2

a = R α = 3.27 m/s^2
T = I α / R = 3.27 N
```

Uzito wa jiwe ni nyutoni 4.9. Mkazo wa uzi ni nyutoni 3.27 tu, theluthi mbili kamili. Theluthi iliyobaki ndiyo inayolichapusha jiwe lenyewe. (T na a zimepata tarakimu zilezile kwa sababu nimechagua diski ya kilo 2, na kwa diski iliyojaa T = (1/2) M a. Usilifanye kuwa kanuni.) Mwanafunzi aliyetumia mg moja kwa moja alipata radiani 49 kwa sekunde kwa sekunde. Tofauti yote imo kwenye kile kipande mR² kilichoongezeka chini ya mstari: si diski pekee inayopaswa kuchapushwa, jiwe nalo limo.

Nani atapata 49 kihalali? Ni yule anayevuta uzi kwa mkono, akishika mizani ya springi na kuhakikisha inasoma nyutoni 4.9 muda wote. Hapo mkazo ni 4.9 kweli, na diski inachapuka kwa 49. Kwa hiyo kuvuta kwa nyutoni 4.9 na kutundika jiwe lenye uzito wa nyutoni 4.9 ni maswali mawili tofauti, na watahini hupenda kuyaweka kama sehemu (a) na (b) za swali moja.

Napenda jambo hili lionekane kwa macho, si kwa kalamu tu. Funga mizani nyepesi ya springi kati ya uzi na jiwe. Shika diski isizunguke: mizani inasoma 4.9. Iachie: mshale unaruka juu na kutulia karibu na 3.3 wakati jiwe likiteremka. Inabidi kutazama haraka, na video ya simu iliyopunguzwa kasi inasaidia sana, maana kushuka sentimita 80 kunachukua sekunde 0.7 tu. Kani ya mkazo inabadilika papo hapo diski inapoachiwa, wala haisubiri jiwe lipate kasi.

Sasa fanya jiwe liwe zito zaidi, kwa sababu hapo ndipo kosa linajifichua lenyewe. Tundika kilo moja na nusu. Njia isiyo sahihi inatoa α ya 147, na ukizidisha kwa nusukipenyo, jiwe linashuka kwa mchapuko wa 14.7. Hiyo inapita 9.8! Jiwe lililofungwa kwenye uzi unaolizuia haliwezi kuanguka haraka kuliko jiwe lililoachiwa hewani. Njia sahihi inatoa α ya 58.8, mchapuko wa 5.88, na mkazo wa nyutoni 5.88 dhidi ya uzito wa 14.7. Nawaambia wanafunzi wangu wafanye ukaguzi huu kila mara: jiwe likiwa linashuka kwa kuchapuka, a lazima ikae kati ya sifuri na 9.8, na T lazima ikae kati ya sifuri na mg. Jibu lolote nje ya mipaka hiyo lina alama ya kutoa au kujumlisha iliyokosewa, au mg imeingia mahali pa T.

Ukiendelea kuongeza tungamo la jiwe utakutana na jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika swali hili. Kwa diski iliyojaa, mkazo unaweza kuandikwa hivi:

```
T = m g M / (M + 2m)
```

Tundika kilo 100 kwenye diski yetu. Mkazo unakuwa nyutoni 9.7. Tundika tani nzima, hautafika 9.8. Kani ya mkazo haiwezi kamwe kuvuka nusu ya uzito wa diski, kwa sababu ukingo wa diski hauwezi kuchapuka zaidi ya jiwe linaloanguka huru, na kuchapusha ukingo kwa 9.8 kunahitaji nyutoni 9.8 basi. Lakini usidanganyike ukatumia uzi mwembamba. Kabla diski haijaachiwa, uzi unabeba uzito wote, nyutoni 980 kwa kilo 100, na utakatika hapo hapo mkononi mwako. Utakatika pia mwisho wa safari, pale unapokwisha kufunguka na jiwe kusimamishwa kwa ghafla. Ni katikati tu, wakati wa kushuka, ndipo mkazo unakuwa mdogo namna ile.

Upande wa pili, jiwe likiwa jepesi sana kuliko diski, T inakaribia mg. Kwa gramu 50, α ni 4.67, mchapuko 0.467, mkazo 0.467 dhidi ya uzito wa 0.49. Tofauti ni chini ya asilimia 5. Katika hali hiyo anayeandika T ≈ mg anajua anachoacha, na anaweza kuutetea uamuzi wake.

Jiwe jepesi ndilo la kutumia kama unataka kupima kwa saa ya kubonyeza. Sekunde 0.7 ni fupi mno. Mkono wa mtu pekee unachelewa kiasi cha sekunde 0.2. Kwa gramu 50, hesabu inasema jiwe litashuka sentimita 80 kwa sekunde 1.85, na huo ni muda unaopimika. Ila hapo ndipo msuguano wa beringi, tuliousahau kwa makusudi, unapodai nafasi yake.

Tuseme umepima ukapata sekunde 2.0 badala ya 1.85. Kutoka h = (1/2) a t^2, mchapuko halisi ni 0.40. Mlinganyo wa jiwe haujali beringi iko katika hali gani, kwa hiyo mkazo unaupata bila kubahatisha: T = 0.05 x (9.8 - 0.40) = nyutoni 0.47. Sasa rudi kwenye diski. Uzi unaizungusha kwa momenti ya 0.047, lakini kuichapusha diski kwa α = 4.0 kumehitaji 0.040 tu. Zile 0.007 nyutoni-mita zilizopotea ni msuguano:

```
T R - τ = I α
τ = 0.047 - 0.040 = 0.007 N m
```

Una njia ya kulihakiki hilo bila saa. Momenti ya 0.007 kwenye nusukipenyo cha mita 0.1 ni kani ya nyutoni 0.07, yaani uzito wa gramu 7 hivi. Tundika gramu 7, isukume diski kidogo kwa kidole, kisha iache. Ikiwa hesabu yako ni sawa, jiwe litashuka kwa kasi isiyobadilika. Likiongeza kasi, msuguano ni mdogo kuliko ulivyodhani, na pengine ni saa iliyobonyezwa kwa kuchelewa. Likisimama, basi msuguano ni mkubwa zaidi. Angalia grisi ya beringi, au kama uzi unasugua mahali fulani.

Na ukitumia uzi mnene, pima nusukipenyo hadi katikati ya unene wa uzi. Kamba ya milimita 4 kwenye diski yetu inaifanya R kuwa sentimita 10.2, na mizunguko ikipandana juu ya mwenzake R inabadilika kadiri jiwe linavyoshuka, hivyo mchapuko nao hautakuwa mmoja. Zungusha uzi kwa safu moja, ubavu kwa ubavu.