Asilimia 104 si kwamba watoto wote wamechanjwa

Kwenye mkutano wa kijiji juzi, mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Zahanati imebandika chanjo ya surua asilimia 104. Wewe unazunguka majumbani kutafuta nini tena?" Watu wakapiga makofi. Swali hilo nimelijibu hadi nimechoka, sasa naliandika.

Asilimia hiyo ni hesabu ya kugawanya. Juu unaweka dozi zilizotolewa zahanati, chini unaweka watoto wanaotarajiwa. Dozi zinahesabiwa pale mezani, mtoto akichomwa anapigwa alama. Watoto wanaotarajiwa hakuna aliyewahesabu mwaka huu. Ni makadirio yanayotokana na Sensa ya 2022 na ongezeko la watu.

Tuseme makadirio ni watoto 50 na zahanati imechoma 52. Hapo ndipo inapotoka 104. Lakini tisa kati yao ni wa kijiji jirani, maana zahanati yetu ndiyo iliyo karibu nao. Wetu wanabaki 43. Rejesta yangu, niliyoiandika mlango kwa mlango, ina watoto 55. Basi 12 hawajachomwa, na kiwango chetu halisi ni asilimia 78. Surua inataka 95 ndipo ishindwe kuenea.

Linaloniudhi zaidi ni kuambiwa kwamba hao 12 ni wachache. Wangekuwa wametawanyika kijiji kizima, ningepumua kidogo. Lakini nane wako kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, ambako masika hakupitiki. Wanacheza pamoja, wanalala chumba kimoja na binamu zao. Mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, kwa hiyo akiingia kitongojini hapo, anaweza kuwapata wote nane, hata kama upande wetu wa mto kila mtoto amechanjwa.

Tena kuchomwa si lazima kukingika. Dozi ya miezi 9 huwakinga kama watoto 85 katika 100, ndiyo maana tunawaita tena wakifika miezi 18.

Rejesta yangu nayo siiamini yote. Kuna mtoto anayelelewa kwa bibi, kadi imebaki kwa mama mjini. Bibi anasema alichomwa. Nikimwandika amechanjwa, huenda nimejidanganya. Nikimwacha, huenda nimeishusha asilimia bure. Mimi humwandika "hana kadi" kisha naendelea kuifuatilia.

Baada ya mkutano nilimwomba yule mzee kadi ya mjukuu wake. Mkewe aliitoa kwenye mfuko wa nailoni uliochomekwa darini. Surua-rubela ya kwanza ina tarehe. Ya pili pako patupu, na mtoto ana miaka miwili na nusu. Jumatano muuguzi anakuja na boksi la baridi kwa huduma ya mkoba, na mzee ameahidi kumleta mwenyewe.