Nepia iliyopauka pichani: kabla hujamwaga samadi

Nimechoka na jibu moja ambalo kila picha ya nepia iliyopauka hupewa: "Weka samadi, itakaa sawa." Haitakaa sawa, kama ni ugonjwa wa udumavu.

Shamba lenye njaa ya naitrojeni huanza kupauka kwenye majani ya chini, yale mazee, na hupauka eneo zima. Udumavu huchagua. Shina moja limenyong'onyea, la jirani yake, kwenye udongo uleule, ni kijani na linakufika kiunoni. Ndiyo maana picha ya shina moja iliyopigwa kwa karibu hainisaidii. Rudi nyuma hatua kadhaa, nione na majirani.

Chukua picha mojawapo niliyoletewa karibuni. Nepia ilikuwa imekatwa mara kadhaa, ikawa inachipua upya. Katikati ya mstari kuna kichaka kifupi kama ufagio: machipukizi chungu nzima, membamba, majani madogo ya njano, pingili zimebanana. Wachangiaji walishahukumu kwamba ni fugwe, ugonjwa wa masuke meusi. Fugwe ipi, na hakuna suke hata moja? Nilimwomba mwenye shamba asikate shina lile, asubiri. Lilibaki lilelile, fupi, bila suke. Hapo nikasema udumavu.

Lingekuwa na fugwe, lingewahi kutoa masuke kabla ya wakati wake, juu ya vijiti vyembamba vigumu, na suke lingejaa unga mweusi unaochafua vidole. Fugwe husababishwa na kuvu, Ustilago kamerunensis. Udumavu unatokana na fitoplazma, kiumbe kidogo mno kinachoishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea, na nchini Kenya hubebwa na kidudu kirukacho kinachofyonza utomvu, Maiestas banda. Dawa ya kuvu haiigusi fitoplazma, hata muuzaji akikuapia.

Sasa niseme ukweli: kabla masuke hayajatoka, picha peke yake hainipi uhakika. Fugwe nayo hudumaza shina na kupunguza majani, na shina moja linaweza kubeba yote mawili. Uhakika wa fitoplazma uko maabara, kwenye kipimo cha vinasaba.

Linalonikera zaidi ni vipandikizi. Watu hung'oa shina la njano, kisha wanachukua mbegu kwenye shina la pembeni "kwa sababu ni zuri." Fitoplazma hukaa ndani ya shina zuri bila dalili, dalili zikaja kuonekana baada ya kukata. Chukua mbegu kwenye shamba lisilo na ugonjwa kabisa. Kwa fugwe, Kakamega 1 na Kakamega 2 zinastahimili. Usizichukulie kuwa kinga ya udumavu.

Shina lenye udumavu ling'oe na mizizi yake yote. La fugwe, lifunike suke kwa mfuko kwanza, ndipo ung'oe na kuchoma. Ukilitikisa, upepo utakumalizia kazi ya kuisambaza fugwe.