Ukuta wa chini ya ardhi na dawa ya kuzuia maji

"Ukuta wa besimenti ukivuja, pakeni dawa ya kuzuia maji kwa ndani, basi."

Wazo hilo lina mantiki, kwa kuwa unyevu huonekana ndani. Ila msukumo unatoka nje. Udongo ukilowa hadi juu ya ukuta wenye kina cha mita 2.5, maji husukuma sehemu ya chini kwa nguvu ya takriban tani 2.5 kwa kila mita ya mraba. Utando wa lami uliobandikwa nje hukandamizwa ukutani na nguvu hiyo. Ukibandikwa ndani, nguvu hiyohiyo huubandua.

Dawa ya fuwele ni tofauti. Huingia kwenye vinyweleo vya zege, ikakutana na unyevu na chokaa iliyomo, ikaota fuwele zinazoziba njia. Kwa hiyo hufaa hata kwa ndani, mradi ukuta ni wa zege. Kwenye bloku zilizopigwa plasta, au ufa unaoendelea kutanuka, msiitegemee.

Vyovyote vile, punguzeni maji nje: bomba lenye matundu kando ya msingi, chini ya usawa wa sakafu, lizungukwe na kokoto zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchuja, literemke sentimita 1 kila mita hadi mahali pa kumwagia. Kitambaa kikikosekana, tope huliziba.

Kabla ya kununua chochote, bandikeni nailoni ukutani, kingo zote zizibwe, kwa siku 2. Matone upande wa chumbani ni mvuke wa hewa ya ndani. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapita ukutani.