Somo la marudio kwa video: maana yake, na kinacholifanya lifundishe

Somo la marudio kwa video ni somo lililorekodiwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye mada ameshafundishwa darasani na sasa anajiandaa na mtihani. Hapo ndipo linapotofautiana na somo la kwanza. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayerudia lenzi hana haja ya kuelezwa upya mwanga ni nini. Fomula anayo na mchoro aliwahi kuuona, ila akipewa swali hajui aanzie wapi, au anaanza vizuri kisha anakwama katikati. Video ya marudio inatengenezwa kwa ajili ya pale anapokwama.

Kiini chake ni mfano uliofanywa: mwalimu analichukua swali zima, analifanya tangu kulisoma hadi jibu, na anasema kwa nini anachukua kila hatua. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa aljebra. Waliosoma mifano iliyofanywa waliyamudu maswali yanayofanana nayo kwa haraka zaidi, na kwa makosa machache, kuliko waliotumia muda huo kuhangaika na maswali peke yao. Maelezo yao ni kwamba akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayepapasa njia ya kulifikia jibu huimaliza nafasi hiyo kwenye kutafuta, na hakuna inayobaki ya kuona njia yenyewe imejengwaje.

Tuchukue swali moja la lenzi. Kitu chenye kimo cha sm 2 kimesimamishwa sm 15 mbele ya lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sm 10. Tafuta taswira iko wapi, ina kimo gani na ina sifa gani, kwa mchoro na kwa hesabu.

Video nzuri inaanza na karatasi ya grafu tupu. Mwalimu anachagua skeli kwa sauti: kwa mlalo, sm 1 ya karatasi iwe sm 5 za kweli, na kimo kibaki kama kilivyo. Anapiga mhimili mkuu kwa rula, anasimamisha lenzi, anatia alama ya fokasi sm 2 kutoka kwenye lenzi kila upande, kisha anachora kitu sm 3 upande wa kushoto. Sasa unakuja mwali wa kwanza, kutoka ncha ya kitu, sambamba na mhimili. Ukifika kwenye lenzi unapinda na kupita kwenye fokasi ya upande wa pili. Mwali wa pili unatoka ncha hiyohiyo na kupita katikati ya lenzi bila kupinda. Miali hiyo miwili inakutana sm 6 kulia kwa lenzi, sm 4 chini ya mhimili. Kwa skeli yetu, taswira iko sm 30 kutoka kwenye lenzi, ina kimo cha sm 4 na imesimama kichwa chini. Ni taswira halisi, maana miali yenyewe imekutana hapo na skrini ikiwekwa inaweza kuinasa.

Katika video nyingi hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mwalimu anaweka mchoro uliokamilika, labda umepigwa picha kitabuni, kisha anauelezea kwa mdomo. Mtazamaji anakabiliwa na mistari yote kwa pamoja na hajui mwali unaosemwa ni upi. Mchoro unatakiwa ukue sawasawa na maneno: mwali unapotajwa ndipo unapochorwa, ukiwa na mshale wake. Majina nayo yakae palepale penye kitu chake. Ukiandika A, B na C kwenye mchoro halafu ukaweka maana zake pembeni, jicho linahangaika kwenda na kurudi, na kila safari inamla mwanafunzi akili aliyoihitaji kwa fizikia. Kwa Tanzania kuna jambo jingine. Mtihani wa fizikia wa kidato cha nne uko kwa Kiingereza, kwa hiyo maelezo yakiwa ya Kiswahili ni sawa kabisa, lakini maneno yanayoandikwa kwenye mchoro yawe yale mtahiniwa atakayoyakuta kwenye karatasi. Na kabla ya kuiachia video, mwalimu aitazame kwenye simu ndogo kwa 360p, kwa sababu wengi wanabana bando. Kama herufi ya fokasi haisomeki hapo, kalamu ni nyembamba mno.

Baada ya mchoro inakuja hesabu, kila mstari chini ya mwenzake, f ikiwa urefu wa fokasi, u umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi na v umbali wa taswira:

```
1/f = 1/u + 1/v
1/10 = 1/15 + 1/v
1/v = 1/10 - 1/15
1/v = 3/30 - 2/30 = 1/30
v = 30 cm
```

Mistari miwili ya mwisho inastahili muda kuliko mingine yote. Kosa linalojirudia sana katika hesabu za lenzi ni kufika kwenye 1/30 na kuiandika kama jibu, bila kuigeuza. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake anasimama hapo na kuuliza: tumepata v, au tumepata 1/v? Kisha anarudi kwenye mchoro na kuonyesha sm 6 za karatasi zikizidishwa kwa 5 kuwa sm 30. Njia mbili zimetoa jibu moja, na hapo mwanafunzi amepata namna ya kujikagua ndani ya chumba cha mtihani. Ukuzaji ni v/u, yaani 30/15, ambayo ni 2. Ndiyo maana sm 2 zimekuwa sm 4.

Tatizo la video ni kwamba kazi ya mwingine ikitiririka vizuri, mtazamaji hujiona ameelewa. Kuelewa huko kunapimwa kwa swali la pili lenye mabadiliko madogo, ambalo mwalimu analiacha kwenye skrini na kumtaka mwanafunzi asimamishe video. Kwa lenzi ileile, kitu kisogezwe kiwe sm 5. Aliyekariri mistari atapata 1/v = 1/10 - 1/5 = -1/10, ataandika v = -10 na kubaki anashangaa alama ya kutoa imetoka wapi. Aliyeelewa atarudi kwenye mchoro na kuona kwamba miali ikishavuka lenzi inaachana. Atairudisha nyuma kwa mistari ya nukta mpaka ikutane upande uleule wa kitu, sm 10 kutoka kwenye lenzi. Ukuzaji ni 2 tena, lakini safari hii taswira imesimama wima na si halisi. Skrini haiwezi kuinasa. Hivyo ndivyo lenzi inavyotumika kukuzia maandishi.

Swali la tatu liachwe wazi zaidi: mwalimu atoe skeli na mwali wa kwanza tu, kilichobaki afanye mwanafunzi. Maelezo yanapungua kadiri mtu anavyoimarika, kwa sababu anayeijua njia hucheleweshwa na maelezo ya kila hatua. Ndiyo maana inafaa swali lenyewe liandikwe mwanzoni kabisa mwa video, likae kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa mara mbili. Anayeweza atalifanya kwanza kwenye daftari lake, kisha ataruka moja kwa moja hadi mstari alipotofautiana na mwalimu.